Kabla ya Kulipia Traka ya Gari, Soma Vipimo Hivi Vinne

Malipo ya kila mwezi ya traka ni kati ya yale ambayo wateja wetu wengi hulipa kwa simu bila kufikiria mara mbili. Meseji inakuja kuwa kifurushi kimeisha, unalipa, unaendelea na kazi. Swali huja baadaye, siku ambayo pikipiki haionekani au dereva na mteja wanabishana: mbona traka haikuniambia?

Mara nyingi traka haikuharibika. Ilifanya kazi uliyolipia tu. Hebu tuangalie vipimo vinne vinavyotofautisha vifurushi, tukitumia mfano wa Mama Njeri (jina na bei ni za mfano tu), mwenye duka la jumla Ruiru, Probox mbili za kusambaza bidhaa na pikipiki moja.

Kifurushi kidogo alichoonyeshwa ni shilingi 600 kwa mwezi: gari moja, nukta moja kila dakika 5, historia ya siku 30. Kikubwa ni shilingi 1,500: hadi magari matatu, nukta kila sekunde 30, historia ya siku 90.

1. Traka hutuma nukta kila baada ya muda gani?

Traka ina laini ya simu ndani yake. Inapokea mawimbi ya setilaiti, inajua iko wapi, kisha inatuma mahali hapo kwa data ya laini hiyo. Kila ikituma, unaona nukta moja kwenye ramani. Katikati ya nukta mbili hauoni kitu. Ule mstari unaoziunganisha umechorwa tu na programu.

Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linamaliza kilomita moja kila dakika. Kwa hivyo ukiwa na nukta kila dakika 5, nukta mbili zinaweza kuachana kilomita 5. Ukiwa na nukta kila sekunde 30, zinaachana mita 500.

Sasa tuseme pikipiki ya Mama Njeri imewashwa na mwizi usiku, saa nane na dakika moja. Nukta ya mwisho ilitumwa saa nane kamili. Kwa kifurushi kidogo, nukta inayofuata itatumwa saa nane na dakika tano, na wakati huo pikipiki iko karibu kilomita 4 kutoka dukani. Kwa kifurushi kikubwa, ndani ya sekunde 30 tayari kuna nukta mpya, na mwizi hajapita nusu kilomita.

Kuna jambo moja la kuuliza hapa. Traka nyingi hupunguza kutuma injini ikizimwa, ili zisimalize betri. Zile sekunde 30 huwa za gari likiwa limewashwa. Mwizi akiibeba pikipiki kwa pikapu bila kuiwasha, traka inaweza kuendelea kulala hadi zamu yake ya kutuma ifike. Uliza kama kifaa kinaamka kikisukumwa au kutikiswa. Kisha jaribu mwenyewe: zima injini, acha nusu saa, sukuma pikipiki mita mia tatu hivi, uangalie simu.

2. Uzio wa ramani hukuarifu lini?

Uzio ni duara unalochora kwenye ramani kuzunguka mahali, na kwenye programu nyingi utauona ukiitwa Geofence. Gari likitoka au kuingia, unapata meseji. Lakini mfumo hauoni gari likivuka mstari. Unasubiri nukta ifike, unaangalia kama iko ndani au nje, kisha ndio unatuma meseji. Ndiyo maana uzio hauwezi kuwa mwepesi kuliko nukta zako. Kwa nukta za dakika 5, Probox inaweza kuingia kwenye uzio, ishushe mzigo dakika mbili na kutoka, na hautapata meseji hata moja.

Kosa lingine ni kuchora uzio mdogo sana. Mahali wazi, nukta hukosea kwa mita chache tu. Chini ya mabati au katikati ya majumba marefu, inaweza kuruka makumi ya mita ilhali gari limesimama. Mama Njeri akichora uzio wa mita 30, simu italia usiku kucha pikipiki ikiwa stoo. Baada ya siku tatu atazima sauti, na meseji ya kweli ikija hataisikia.

Utajua ni nukta inayoruka ukiona mwendo ni sifuri na nukta zinarudi palepale. Panua uzio hadi mita 150 au 200, halafu uangalie usiku mbili tatu kabla ya kuuamini.

3. Historia hukaa siku ngapi?

Tuseme mteja wa Juja anapiga simu tarehe 10 Aprili akisema mzigo wa tarehe 4 Machi haukufika. Dereva anaapa alipeleka. Zimepita siku 37. Kwa historia ya siku 30, safari hiyo imeshafutwa, na kulipia kifurushi kikubwa leo kwa kawaida hakurudishi kilichofutwa. Kwa siku 90, Mama Njeri anafungua tarehe hiyo na kuona kama gari lilisimama pale, na kwa muda gani.

Ukibaki na kifurushi kidogo, pakua ripoti ya safari kila mwisho wa mwezi uihifadhi. Inachukua dakika chache.

Na mwambie dereva mapema kuwa gari lina traka. Safari zake ni taarifa zake binafsi pia, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

4. Akaunti moja hubeba magari mangapi?

Mama Njeri akilipia vifurushi vidogo vitatu ni shilingi 1,800. Kikubwa kimoja ni 1,500, kwa hivyo anaokoa 300 na anapata nukta za haraka. Lakini akinunua gari la nne, halitaingia. Aulize mapema kama gari la ziada linaongezwa kwa bei ndogo au ni lazima kununua kifurushi kingine kizima.

Kuweka yote kwenye akaunti moja kuna bei nyingine. Malipo yakichelewa, magari yote matatu yanapotea kwenye ramani kwa pamoja. Na ukimpa dereva mmoja nywila ili aone gari lake, ameona yote. Uliza kama unaweza kumfungulia mtu gari moja tu.

Ukifika kwenye kulipa

Kampuni zingine hutumia nambari ya usajili wa gari kama nambari ya akaunti, zingine hukupa nambari yao. Ukikosea herufi moja, pesa inaweza kuingia na gari lako libaki limefungwa. Andika kama ulivyopewa, usome jina la kampuni linalotokea kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi meseji ya malipo.

Angalia pia kama mwezi wao ni siku 30 au ni tarehe hadi tarehe. Kifurushi cha siku 30 ulicholipia tarehe 31 kinaisha kabla ya tarehe 31 nyingine. Lipa siku moja au mbili kabla, kwa sababu siku ambazo kifurushi kimekatika zinaweza kukosekana kabisa kwenye historia yako, hata ukilipa baadaye.