Msamaha wa Faini ya Ritani Marekani

Tuchukue Mtanzania aishiye Marekani, aliyewasilisha ritani na kulipa kodi yake ya dola 2,000 Juni 1 badala ya Aprili 15. Mhasibu wake angemwandikia hivi:

“Ndugu, kuchelewa kuwasilisha na kulipa kunatozwa, kwa pamoja, asilimia 5 ya deni kila mwezi. Sehemu ya mwezi huhesabiwa mwezi mzima, hivyo siku 47 ni miezi miwili: dola 200.

Kama miaka mitatu iliyotangulia uliwasilisha ritani zilizotakiwa na hukutozwa faini, piga namba iliyo kwenye notisi ya IRS, uombe msamaha wa mara ya kwanza. Riba ya kodi yenyewe utailipa.

Wakikataa, tutaandika sababu ya msingi, kama ugonjwa, na kuambatanisha vielelezo. Notisi usiitupe.”