Mlango wa Gari katika City Lights

Filamu isiyo na mazungumzo haikwami inapoonyesha huzuni au furaha, maana kwa hayo uso unatosha. Hukwama inapotaka kuonyesha dhana iliyomo kichwani mwa mtu, hasa dhana yenyewe ikiwa si ya kweli. Charlie Chaplin alikutana na kikwazo hicho katika City Lights, iliyotoka mwaka 1931, wakati filamu za kusema zilikuwa zimekwisha kuteka majumba ya sinema. Kisa chote kimesimama juu ya kosa moja: msichana kipofu anayeuza maua anamdhania mzururaji fukara kuwa ni tajiri. Atamdhaniaje hivyo, naye hamwoni na hakuna wa kumwambia?

Upigaji picha ulianza mwishoni mwa 1928. Tukio hilo lilirudiwa mara mamia, likaachwa, likarudiwa tena. Jibu lililopatikana ni mlango wa gari. Barabara imefungana kwa magari. Mzururaji, akimkwepa askari wa pikipiki, anaingia kwenye gari la kifahari lililosimama, anatokea mlango wa pili na kuubamiza. Msichana anageuka na kumnyooshea ua. Bamizo halisikiki ukumbini. Mtazamaji anauona mlango, kisha anaona sikio la msichana likifanya kazi.

Upofu nao hautangazwi. Ua linaanguka, mzururaji analiokota, lakini msichana bado anapapasa chini. Hapo ndipo mzururaji anaelewa, na mtazamaji anaelewa pamoja naye. Kabla hajapewa chenji ya sarafu yake, mwenye gari halisi anarudi, anaingia, gari linaondoka. Msichana anaita kwamba bwana amesahau chenji yake. Mzururaji ananyata na kujikalia kando. Mtazamaji asiyeuona mlango ule wa kwanza hataelewa chochote cha baadaye, ndiyo maana kamera haikimbii.

Filamu hii si bubu kabisa. Ina muziki uliotungwa na Chaplin mwenyewe, na mwanzoni waheshimiwa wanaozindua sanamu wanahutubia kwa mlio wa kukwaruza, hakuna neno linaloshikika. Ni dhihaka kwa filamu za kusema. Baadaye mzururaji anameza filimbi, na kila kwikwi inalia katikati ya tafrija. Sauti imewekwa pale tu inapokuwa ndiyo kichekesho chenyewe.

Mwishoni msichana amekwisha kupona macho na ana duka la maua. Mzururaji mwenye nguo zilizochanika anamchekesha, naye kwa huruma anampa ua na sarafu. Macho hayamtambui mtu huyo, kwa kuwa hayajawahi kumwona. Anapomtia sarafu mkononi, vidole vyake vinasita, vinapapasa kiganja, vinapanda mkono hadi begani. Tabasamu la mzaha linazimika. Ndipo maneno machache yanapoandikwa kwenye skrini, nayo yanakuta vidole vimekwisha kusema.