Biti Zinazosogea: Kutoka Ubao wa Duka Hadi Taa za Kukimbizana

Ule ubao wa taa nyekundu unaopitisha maandishi juu ya mlango wa duka la dawa mara nyingi umeunganishwa kwa vipande ambavyo mafundi wanaviita P10. Kipande kimoja kina mistari 16 ya taa, na kila mstari una taa 32, jumla taa 512. Kigeuze nyuma uone: kuna utepe wa nyaya unaoingia upande mmoja na mwingine unaotokea upande wa pili. Katika utepe huo, waya unaobeba picha yenyewe ni mmoja tu. Nyingine ni za kupiga mdundo, kuchagua mistari na kadhalika.

Waya mmoja unalisha taa zote hizo kwa msaada wa rejista ya kusogeza. Hii ni safu ya seli ndogo za kielektroniki, kila seli ikikumbuka biti moja: 1 au 0. Mpigo wa umeme ukija, kila seli inampa jirani yake ilichokuwa nacho, na seli ya kwanza inachukua kilichopo kwenye waya wa kuingilia. Ni kama benchi la wagonjwa zahanati: daktari akiita mmoja, wote wanasogea nafasi moja, na mgeni anakaa mwisho wa benchi.

Chipu inayofanya kazi hii nyuma ya P10 ni 74HC595, na hata maduka ya vipuri vya redio huwa nayo. Ina seli 8. Biti zinaingia kwa pini ya 14, mpigo wa kusogeza unakuja kwa pini ya 11. Tuseme tunataka taa nane zionyeshe 10110001. Tunaweka 1 kwenye pini ya 14, tunapiga mpigo mmoja. Tunaweka 0, tunapiga tena. Halafu 1, na kuendelea hadi mipigo minane itimie. Biti ya kwanza kuingia ndiyo iliyosukumwa mbali zaidi, hivyo inakaa kwenye seli ya nane. Ukiona picha imetokea kinyume, kushoto kulia, usikimbilie kubadili nyaya. Kwanza angalia umeanza kutuma kutoka upande gani wa namba.

Sasa, wakati biti zinasukumwa, kila taa ingekuwa inawaka na kuzimika ovyo. Ndiyo maana 595 ina safu ya pili ya seli, inayotazamana na ile ya kwanza, nayo ndiyo inayoshika taa. Safu hii haibadiliki mpaka pini ya 12 ipigwe. Hapo biti zote nane zinanakiliwa kwa pamoja, na mtazamaji haoni purukushani iliyopita. Kwenye Arduino kazi yote ni mistari mitatu:

```
digitalWrite(LATCH, LOW);
shiftOut(DATA, CLOCK, MSBFIRST, B10110001);
digitalWrite(LATCH, HIGH);
```

Pini ya 9 inatoa biti inayodondoka kutoka seli ya nane. Ukiiunganisha na pini ya 14 ya chipu inayofuata, unapata rejista ya seli 16 bila kuongeza waya hata mmoja kwa kidhibiti. P10 ina chipu 16 za namna hiyo, yaani seli 128. Ubao unawasha robo ya taa zake kwa wakati mmoja, na robo ya 512 ni 128 kamili. Robo nne zikizungushwa haraka, jicho linaona picha nzima.

Mnyororo huu una udhaifu wake, na udhaifu huo ndio unaomsaidia fundi. Kiungo cha risasi kikiachia kwenye chipu moja, zilizotangulia zinaendelea vizuri, lakini zote zilizo mbele yake zinapokea takataka. Kwa hiyo fuata njia ya data, si sura ya ubao kwa mbele: tatizo liko kati ya chipu nzima ya mwisho na mbovu ya kwanza. Jambo lingine ni mkondo. Chipu moja ya 595 isipitishe zaidi ya miliampia 70 kwa jumla. Kwa volti 5 na taa nyekundu inayokula volti 2, rezista ya omu 470 inaipa kila taa kama miliampia 6, na nane zinafika 51. Ukiweka rezista ya omu 220 umeshavuka mpaka, hata kama chipu haitaungua siku hiyohiyo.

Hadi hapa biti ya mwisho tumeiacha idondoke au iende kwa jirani. Tukiirudisha mwanzo wa safu hiyohiyo, tunapata kaunta ya pete. Chukua seli nne zenye 1000. Kila mpigo, ile 1 inasogea: 0100, 0010, 0001, kisha 1000 tena. Seli nne, hatua nne, na kila hatua ina taa yake tayari. Kwa taa za kukimbizana huhitaji kitu kingine. Ila ukiwasha umeme, seli zinaamka na chochote. Zikiamka 0000, hakuna kitakachowaka milele. Zikiamka 1100, taa mbili zitafuatana bila kuachana. Lazima uweke sakiti ya kuingiza 1 moja tu mwanzoni.

Sasa pindua biti ya mwisho kabla ya kuirudisha: 1 iingie kama 0, na 0 iingie kama 1. Hii ndiyo pete iliyopindwa, inayoitwa pia kaunta ya Johnson. Kutoka 0000 inakwenda 1000, 1100, 1110, 1111, halafu 0111, 0011, 0001, na kurudi 0000. Seli zilezile nne zimetoa hatua nane, na safari hii kuanza na sifuri tupu hakudhuru. Gharama yake ni kwamba hatua hazina taa zake tayari. Kila moja inahitaji geti dogo la kuchungulia seli mbili. Lakini kwa kuwa kila mpigo unabadili seli moja tu, geti hizo hazitoi mimweko ya uongo.

Hata hivyo nayo ina shimo lake. Seli nne zina michanganyiko 16, na pete hii inatumia minane. Ikijikuta kwenye 0100, itakwenda 1010, 1101, 0110, 1011, 0101, 0010, 1001, na kurudi 0100. Imenaswa kwenye mzunguko mwingine, inahesabu vizuri tu, lakini inahesabu upuuzi.

Waliotengeneza chipu ya CD4017 walilijua hilo. Ndani yake kuna kaunta ya Johnson ya seli tano, hatua kumi, na geti la ziada linaloirudisha njiani ikipotea. Matokeo yake kumi yamekwisha kuchambuliwa, moja likiwaka kwa zamu. Ukitaka taa sita tu, unganisha tokeo la saba, pini ya 5, na pini ya kufuta ya 15. Pini ya 13 iende kwenye hasi. Ikiachwa hewani, kaunta itasimama na kwenda itakavyo.

Kwa taa za kukimbizana za baa au ukumbi wa harusi, nunua 4017 na chipu ya 555 ya kupigia mdundo; huhitaji kuandika hata mstari mmoja wa programu. Ukitaka maandishi, hapo hakuna njia ya mkato: chukua 595 na kidhibiti.