Kujizoeza Kufa Usingizini

Ukimwuliza mtawa wa Kitibeti anayeshika yoga ya ndoto kwa nini analala kwa mpango hivyo, atakujibu bila kusita kwamba anajiandaa kufa. Zoezi lake ni mojawapo ya mafundisho sita ya Naropa, mwalimu wa Kihindi wa karne ya 11, ambayo mwanafunzi wake Marpa aliyavusha milima na kuyafikisha Tibeti. Wafuasi wa dini ya Bon nao wana njia yao ya kulifanya.

Msingi wake ni kuota huku ukijua kwamba unaota. Jambo hilo halina ushirikina. Mwaka 1975, Keith Hearne, mtafiti wa Uingereza, alimrekodi mtu aliyelala fofofo akichezesha macho kushoto na kulia, kama walivyokubaliana kabla hajalala. Walichagua macho kwa sababu wakati wa ndoto misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, ila macho huendelea kucheza.

Kazi huanza mchana. Akila, akigombana, akipokea habari njema, mwanafunzi hujikumbusha kwamba hii nayo ni ndoto, hadi mazoea hayo yamfuate usingizini. Usiku, kwa mfano katika njia ya Bon anayoifundisha Tenzin Wangyal Rinpoche, hujilaza kwa ubavu na kuiwaza herufi A nyekundu inayong'aa kooni, juu ya ua la petali nne. Kila baada ya saa mbili hivi huamka, akahamishia fikra sehemu nyingine ya mwili, kisha akalala tena. Hapa ndipo wengi hukwama: ukikaza mno fikra, usingizi unaruka; ukizilegeza mno, unalala kama gogo na asubuhi hukumbuki kitu. Hata anayefanikiwa mara nyingi hufurahi kupita kiasi pale anapogundua kwamba anaota, moyo ukamdunda, akaamka.

Tuseme mtu anaota mto umefurika na maji yanamfuata. Anagundua kwamba ni ndoto, na bado anakimbia. Kwa walimu, huyo hajafika popote, maana amejua kwa kichwa tu, hofu ingali bwana wake. Hutakiwa asimame, ayageukie maji, aingie. Akiona hayamzamishi, huambiwa ayageuze kuwa moto na autembee, aufanye mto mmoja kuwa kumi, mkubwa kuwa kijito. Wanaosifia kuruka angani ndotoni, kwa maoni yangu, wameshika sehemu ndogo ya jambo hili. Lengo la kugeuzageuza vitu ni kumfanya mwotaji aone kwa macho yake kwamba kinachomtisha kimetengenezwa na akili yake mwenyewe.

Mauti yanaingiaje? Kufananisha usingizi na kifo si jambo geni kwetu. Mwislamu akiamka husoma dua ya kumshukuru Mungu aliyemhuisha baada ya kumfisha. Watibeti hulipeleka mbali zaidi. Wanasema mtu anapokata roho, nguvu za mwili huzimika kwa zamu: udongo huzama katika maji, maji katika moto, moto katika upepo. Hufuata weupe, wekundu, kisha giza, na mwisho nuru tupu isiyo na umbo. Kila tunaposinzia tunapita njia hiyohiyo, ila upesi mno, na fahamu zimeshapotea. Baada ya nuru hiyo, marehemu huingia bardo, kipindi cha kati kinachosemwa kuweza kufika siku 49. Humo hutangatanga na mwili wa mawazo kama ule wa ndotoni, mara nyingi hajui kwamba amekufa, akikimbia sauti na sura za kutisha hadi hofu na tamaa zimsukume kwenye uzazi mwingine. Aliyezoea kuusimamia mto wa ndotoni ataweza kuzitambua sura hizo. Fundi zaidi huiacha ndoto yenyewe iyeyuke, akatulia katika ile nuru akiwa bado amelala, ili siku ya kufa aijue.

Inasemekana wengine hubaki katika nuru hiyo siku kadhaa baada ya kufa, wameketi wima, miili ikichelewa kuoza. Hali hiyo huitwa tukdam. Mwaka 2021 watafiti walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo vya watu 13 waliodhaniwa kuwa katika hali hiyo, na hawakukuta dalili yoyote ya ubongo kufanya kazi. Lakini vipimo hivyo vilichukuliwa zaidi ya siku moja baada ya kifo, na walimu wenyewe hawajawahi kudai kwamba nuru ile inakaa kwenye ubongo.