Varint: namba ndogo, baiti chache

Kwa kawaida programu huitengea namba kamili nafasi isiyobadilika, mara nyingi baiti 4 au 8. Ukiandika 5 katika baiti 4, baiti 3 zinabaki sufuri tupu, nazo husafirishwa mtandaoni kama mzigo mwingine wowote. Protocol Buffers, mfumo wa kuandika ujumbe ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2008, huepuka hasara hiyo kwa njia iitwayo varint: namba huchukua baiti kadiri ya ukubwa wake.

Kila baiti ina biti 8. Katika varint, biti 7 hubeba namba na ile ya juu kabisa hubaki kuwa alama. Ikiwa 1, msomaji anajua kuna baiti nyingine inayofuata. Ikiwa 0, namba imeishia hapo. Kwa hiyo namba yoyote kuanzia 0 hadi 127 hutosha katika baiti moja.

Tuchukue 1500. Ukiigawanya kwa 128 unapata 11, na baki ni 92. Baki ndilo huandikwa kwanza. Kwa kuwa bado kuna baiti inayofuata, tunaongeza 128 ili kuwasha alama, nayo 92 inakuwa 220. Kisha inafuata 11, bila alama:

```
1500 = 11 × 128 + 92
11011100 00001011   (DC 0B)
```

Baiti 2 zimetosha badala ya 4. Lakini alama nazo zina gharama: kuanzia 268,435,456 kwenda juu, varint huhitaji baiti 5. Kama namba zako nyingi ni kubwa kiasi hicho, aina ya `fixed32`, yenye baiti 4 daima, ni nafuu zaidi.

Mtego mkubwa uko kwenye namba hasi. Katika aina ya `int32`, -1 hupanuliwa kwanza hadi biti 64, zote zikiwa 1, hivyo hula baiti 10. Aina ya `sint32` huondoa tatizo hilo kwa kupanga namba upya kabla ya kuziandika: 0 hubaki 0, -1 huwa 1, 1 huwa 2, -2 huwa 3, na kuendelea. Sasa -1 inaingia katika baiti moja.

Hata hivyo, usibadilishe `int32` kuwa `sint32` katika mfumo ambao tayari unatumika. Programu ya zamani itasoma bila kulalamika, ila 7 itaiona kuwa 14, na -4 itaiona kuwa 7. Ukikuta namba chanya zimekuwa maradufu na hasi zimetoweka, kagua aina hizo kwanza. Kama vipimo vyako vinaweza kushuka chini ya sufuri, kama halijoto, chagua `sint32` tangu siku ya kwanza.