Barua ya Hisa Mpya Isitupwe

Mwanzoni mwa mwaka 2012 Shirika la Ndege la Kenya lilihitaji fedha nyingi za kununulia ndege. Lilikuwa na hisa zipatazo milioni 461, na liliamua kutoa nyingine zipatazo bilioni 1.48, kwa bei ya shilingi 14 kila moja. Hisa mpya zilizidi za zamani mara tatu. Laiti zingeuzwa zote kwa tajiri mmoja aliyebisha hodi na hundi mkononi, mtu yule angeamka kesho yake akiwa mwenye shirika, na mwanahisa aliyekuwa na asilimia kumi angebaki na asilimia mbili na ushee, bila kuuza hata hisa moja.

Halikufanya hivyo. Liliwaendea kwanza wanahisa wake wenyewe, likawaambia kwamba kila mwenye hisa 5 ana haki ya kununua mpya 16 kwa bei hiyo. Utaratibu huu huitwa toleo la hisa stahiki, na msingi wake ni kanuni ya sheria za kampuni kwamba kampuni inayotoa hisa mpya kwa fedha taslimu iwape waliomo nafasi ya kwanza, kila mmoja kwa kadiri ya alichonacho, kabla ya kumwita mgeni. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inayo kanuni hiyo, kama ilivyo Uingereza.

Tuangalie mambo yalivyokwenda, maana takwimu za toleo lile zinaeleza kila kitu. Zilinunuliwa takriban asilimia 70 tu ya hisa zilizotolewa, na shirika likapata kama shilingi bilioni 14.5 badala ya zaidi ya bilioni 20 lililotarajia. Serikali ya Kenya, iliyokuwa na asilimia 23, ilitoka na asilimia 29.8. Ukipiga hesabu utaona kwamba serikali ilinunua fungu lake lote, wala haikuhitaji kuchukua la mtu mwingine. Sehemu yake ilikua kwa sababu wengine waliacha mafungu yao. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, lilikuwa na asilimia 26 na likafika asilimia 26.73. Kwa hesabu hiyo hiyo, lilinunua karibu robo tatu ya fungu lake, na hiyo ikatosha kulinda nafasi yake. Na mwanahisa mdogo ambaye hakununua chochote? Alibaki na chini ya theluthi moja ya sehemu aliyokuwa nayo. Kura yake kwenye mkutano mkuu ilipungua nguvu kwa kiasi hicho hicho, na hata gawio likitangazwa siku za usoni, atalipwa kwa kipimo hicho kipya.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba asiye na fedha za kununua hana la kufanya na barua aliyotumiwa. Mwenye hisa 1,000 alikuwa na haki ya kununua 3,200, yaani alipe shilingi 44,800. Si kila mtu anazo. Lakini barua ile yenyewe ni mali.

Tuchukue kwa mfano kwamba hisa ya zamani inauzwa sokoni kwa shilingi 20. Mwenye hisa 5 ana mali ya shilingi 100. Akinunua 16 kwa shilingi 14, anaongeza shilingi 224. Sasa ana hisa 21 zilizogharimu jumla ya shilingi 324, kwa hiyo kila moja ina thamani ya takriban shilingi 15.43. Hiyo ndiyo bei ambayo soko hutarajiwa kuelekea baada ya toleo, wote wakinunua. Mwenye hisa 1,000 aliyeketi tu amepoteza kama shilingi 4,570, kwa sababu hisa zake za shilingi 20,000 sasa ni za shilingi 15,430. Fedha hizo hazikuyeyuka. Zimekwenda kwa walionunua kwa shilingi 14 kitu chenye thamani ya shilingi 15.43.

Na sasa tazama upande wa pili. Kila haki ya kununua hisa moja ina thamani ya tofauti ile, shilingi 1.43 hivi. Haki 3,200 ni kama shilingi 4,570, kiasi kile kile alichopoteza. Ndiyo maana katika soko la Nairobi haki hizo zenyewe huweza kuuzwa kupitia dalali wa hisa kwa siku chache zilizotangazwa. Asiyekuwa na fedha anauza haki, mwenye fedha anazinunua, na yule wa kwanza analipwa fidia ya mali yake. Kinachomponyoka ni nguvu ya kura, na hiyo hairudishwi na fedha. Anaweza pia kuuza nusu ya haki na kwa fedha hizo alipie baadhi ya hisa mpya, au ampe ndugu yake haki hizo. Njia pekee inayomwacha mikono mitupu ni kuiweka barua kabatini hadi siku ya mwisho ipite. Mara nyingi chanzo chake ni kitu kidogo mno: anwani ya zamani kwenye akaunti ya hisa, sanduku la posta lisilofunguliwa, au mwenye hisa aliyefariki na warithi hawajahamisha jina.

Ulinzi huu una mlango wa kutokea, nao hufunguliwa na wanahisa wenyewe. Kwa azimio maalum, yaani robo tatu ya kura zinazopigwa, mkutano unaweza kuiondoa haki ya kwanza na kuwaruhusu wakurugenzi kutoa hisa kwa mtu wanayemtaka. Isitoshe, kwa kawaida haki hiyo haihusu hisa zinazotolewa kulipia kitu kisicho fedha, kama kiwanja au kampuni nyingine, wala hisa za mpango wa wafanyakazi. Wakati mwingine kuna sababu nzuri. Kampuni inayozama haina wiki kadhaa za kusubiri barua ziende na kurudi, na wadai hawataki barua, wanataka chao.

Hilo ndilo lililotokea kwa shirika lile lile la ndege. Mwaka 2017 likiwa limelemewa na madeni, wanahisa waliidhinisha mpango wa kugeuza madeni kuwa hisa. Mabenki ya Kenya yalipata asilimia 38.1 ya shirika kupitia kampuni yao ya pamoja. Serikali ilipanda hadi asilimia 48.9. KLM, lililojitahidi kulinda robo yake mwaka 2012, likashuka hadi asilimia 7.8. Wanahisa wengine wote, ukiwatoa wafanyakazi waliopewa asilimia 2.4, walibaki wakigawana asilimia 2.8. Mwenye kutaka kuwalaumu waliopiga kura ya ndiyo akumbuke kwamba shirika lingefilisika, hisa zao huenda zisingekuwa na thamani yoyote. Hata hivyo, ukubwa wa zimuo lile unaonyesha kinachoweza kutokea pale haki ya kwanza isipotumika.

Kwa hiyo ilani ya mkutano isomwe hadi kwenye maazimio ya mwishoni, pale yalipo maneno yenye usingizi kuhusu kuwapa wakurugenzi mamlaka ya kutoa hisa na kutotumika kwa haki ya kwanza ya wanahisa. Angalia mambo matatu: ni hisa ngapi ukilinganisha na zilizopo, mamlaka hayo yanaisha lini, na bei imewekewa kikomo gani. Mamlaka ya hisa chache, kwa mwaka mmoja, kwa bei iliyo karibu na ya soko, ni ya kawaida. Yasiyotaja idadi wala bei, huku mnunuzi akiwa mtu wa karibu na wakurugenzi, yanastahili mkono kuinuliwa na swali kuulizwa kabla ya kura kupigwa.