Mfanyakazi wa Kumi Ana Bei Yake

Bekari moja ya mjini Morogoro ina wafanyakazi tisa, na oda za mikate zimezidi mikono. Mwenye mali anafungua karatasi ya mishahara ya mwezi, anaona waokaji wake watatu wanalipwa shilingi 450,000 kila mmoja, anaamua kumchukua wa nne kwa 400,000 kwa kuwa ni mgeni. Anapiga hesabu kichwani: mwezi ujao gharama itapanda kwa laki nne. Mwezi ujao ukifika, itakuwa imepanda kwa zaidi ya laki tano na nusu.

Bekari hii ni ya kubuni, lakini sheria zinazoibana ni za kweli. Viwango vilivyotumika hapa ni vya Tanzania Bara katika mwaka wa fedha 2023/24. Atakayeifanya hesabu hii kwa karatasi yake ya leo aangalie kwanza kama viwango vimebadilika, maana Sheria ya Fedha huvigusa mara kwa mara kila ifikapo Julai.

Kipi ni chako, kipi ni chake

Karatasi ya mishahara ina makato mengi, na kosa la kwanza ni kuyahesabu yote kuwa gharama ya mwajiri. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara ghafi. Kwa mshahara wa 400,000, bekari itapeleka 80,000 kila mwezi. Lakini nusu yake, yaani 40,000, imekatwa kwenye mshahara wa mwokaji mwenyewe, kwa hiyo tayari imo ndani ya zile laki nne. Fedha mpya inayotoka mfukoni mwa mwajiri ni ile 40,000 ya pili.

Kodi ya mishahara, PAYE, nayo ni hivyo hivyo. Mwajiri anaikata na kuipeleka TRA, ila si yake. Mwokaji akishakatwa mchango wa NSSF anabaki na 360,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi, na 90,000 inayobaki inatozwa asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi anapata 352,800.

Hapo ndipo maneno ya siku ya usaili yanapokuwa na bei. Waombaji wengi wa kazi hutaja mshahara wa "mkononi". Mwenye bekari akikubali kumpa mwokaji 400,000 mkononi, itabidi arudi nyuma atafute mshahara ghafi ambao, ukitoa asilimia 10 ya NSSF na kodi, unabakiza kiasi hicho. Jibu ni kama 457,000. Kwa neno moja ameongeza 57,000 kwa mwezi, na michango yote itahesabiwa juu ya hiyo 457,000. Pia mgeni atakuwa amewapita waokaji wa zamani, nao hawatakawia kujua. Basi tuseme wamekubaliana 400,000 ghafi, na mkataba umeandika hivyo.

Mchango mwingine wa mwajiri ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao hulipa matibabu na fidia mtu anapoumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Huu wote ni wa mwajiri, ni asilimia 0.5, na ni marufuku kumkata mfanyakazi. Kwa mwokaji wetu ni 2,000. Mpaka hapa gharama ni 442,000 kwa mwezi, na mwenye bekari bado anaweza kusema hakukosea sana.

Mstari wa watu kumi

Kinachobadilisha hesabu ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wahasibu wote huiita SDL. Tangu Julai 2023 kiwango chake kilikuwa asilimia 3.5, na anayelipa ni mwajiri peke yake. Mwajiri mwenye wafanyakazi tisa haimhusu. Inamhusu anapofikisha kumi, na akishafikisha, haitozwi kwa mshahara wa yule wa kumi tu. Inatozwa kwa jumla ya mishahara yote.

Turudi kwenye karatasi. Msimamizi analipwa 700,000, waokaji watatu 1,350,000 kwa pamoja, dereva 400,000, na wafungashaji wanne 250,000 kila mmoja. Jumla ni 3,450,000, na mwezi uliopita haikuwa na hata senti moja ya SDL. Ukimwongeza mwokaji mpya jumla inakuwa 3,850,000, na asilimia 3.5 yake ni 134,750. Katika hiyo, iliyotokana na mshahara wake mwenyewe ni 14,000 tu. Shilingi 120,750 ni tozo ya wenzake tisa ambao walikuwapo siku zote.

Gharama ya mwezi sasa inasomeka hivi:

- Mshahara ghafi: 400,000
- NSSF, sehemu ya mwajiri: 40,000
- WCF: 2,000
- SDL ya mshahara wake: 14,000
- SDL ya wenzake tisa: 120,750
- Jumla: 576,750

Gharama imeuzidi mshahara kwa asilimia 44. Hata hivyo si haki kusema kila mwajiriwa ni mzigo wa asilimia 44. Bekari ikimchukua wa kumi na moja kwa mshahara huo huo, atagharimu 456,000, kwa sababu mstari umeshavukwa. Ndiyo maana gharama ya kuongeza mtu haipatikani kwa kuzidisha mshahara wake kwa asilimia fulani. Njia ya uhakika ni kuandika karatasi mbili, moja ya kabla ya kuajiri na moja ya baada, kila moja na michango yake yote, kisha kutoa moja kwenye nyingine.

Wapo wanaodhani mstari unakwepeka kwa kumwita mtu wa kumi "kibarua" na kumlipa nje ya karatasi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi. Saa 45 ndizo saa za kawaida za wiki moja. Mwokaji anayekuja kila alfajiri amezimaliza kabla mwezi haujafika katikati.

Likizo haina mstari wake

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Waajiri wengi hawajui waiandike wapi. Wengine huiacha kabisa. Wengine hujumlisha mshahara wa mwezi wa kumi na tatu, na hao wamehesabu mara mbili, maana mshahara wa mwezi wa likizo tayari umo katika miezi kumi na miwili. Likizo haiongezi fedha inayolipwa, ila inapunguza siku za kazi zinazonunuliwa na fedha hiyo.

Bekari inaoka siku sita kwa wiki, sawa na siku 312 kwa mwaka. Siku 28 mfululizo ni wiki nne, kwa hiyo zinakula siku 24 za kazi. Tukadirie sikukuu zinazoangukia nje ya likizo kuwa 14 na siku za kuugua kuwa 4. Zinabaki 270. Gharama ya mwaka ni 576,750 mara 12, yaani 6,921,000. Igawe kwa 270 upate kama 25,600 kwa siku ambayo mwokaji yuko mbele ya tanuri. Aliyegawa 4,800,000 kwa 312 alipata 15,400, na akipanga bei ya mkate kwa hesabu hiyo, kila siku ya kazi ya mwokaji huyu inamwachia pengo la elfu kumi hivi.

Kama kazi haiwezi kusubiri na lazima awepo wa kushika zamu wakati wa likizo, hapo ndipo panapokuwa na fedha mpya: malipo ya mshika zamu kwa siku 24. Mwenye kuyajumlisha asipunguze tena siku hizo 24 kwenye mgawanyo.

Likizo isiyochukuliwa nayo haifutiki kirahisi. Mfanyakazi akiondoka na siku anazodai, sheria inampa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Kwa mwaka mzima bila likizo, mwokaji wetu angedai siku 24 za 15,385 kila moja, zaidi kidogo ya 369,000, kwa mkupuo. Na mwajiri akimwachisha kazi baada ya kutimiza mwaka, bila kosa la utovu wa nidhamu, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, usiozidi miaka kumi. Kwa mshahara huu ni kama 107,700 kwa mwaka. Deni hili huenda lisidaiwe kamwe, kwa hiyo halistahili kuingizwa kwenye jumla ya mwezi. Mahali pake ni daftari la madeni, likisogezwa mbele kila mwaka.

Amwajiri au asimwajiri?

Jumla ya 576,750 haina maana mpaka ilinganishwe na njia ya pili, ambayo ni kuwaongezea saa waokaji watatu waliopo. Mshahara wa 450,000 ukigawiwa kwa saa 195 za mwezi unatoa kama 2,308 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,462, na ukiongeza NSSF na WCF za mwajiri inafika 3,825. SDL haipo, kwa sababu watu bado ni tisa.

Gawa 576,750 kwa 3,825. Unapata karibu saa 151. Oda za ziada zikihitaji saa 80 au 100 kwa mwezi, saa za ziada ni nafuu hata kwa bei yake ya juu. Zikipita 151, mwajiriwa mpya ni nafuu pamoja na tozo yote aliyokuja nayo, maana ukishatoa likizo, sikukuu na ugonjwa, analeta wastani wa saa 168 kwa mwezi.

Hata huo unafuu wa saa za ziada una dari. Sheria hairuhusu mtu mmoja kupita saa 50 za ziada katika kila wiki nne, kwa hiyo waokaji watatu kwa pamoja wanafika 150 na kuishia hapo. Kwa bekari hii hesabu na sheria zinakutana karibu mahali pamoja, na wafanyakazi waliokwisha kufika huko wamechoka. Kwa hiyo kabla ya kubandika tangazo la kazi, mwenye bekari achukue daftari la zamu la miezi mitatu iliyopita, ajumlishe saa zilizozidi mwezi hadi mwezi, aone kama zinapita 150 kila mwezi au ni mwezi mmoja tu wa sikukuu.